Hata Nafasi ya Pili

Katika filamu ile nilisema maneno matatu tu: "Mama, usifunge muryango."

Aristides, aliyeitengeneza, alitaka niseme "mlango". Tulirudia mara tisa. Ulimi wangu ulikuwa unakwenda ulikozoea. Kwetu Nyakisasa muryango ni pale mtu anapoingilia ndani ya nyumba, na neno hilohilo ndilo la jamaa, watu waliotoka tumbo moja. Mara ya kumi Aristides alishusha kamera akafuta jasho. "Basi, Nimpaye. Sema kama mnavyosema kwenu." Nikasema, akaridhika, akaenda zake Biharamulo kwenye kazi yake ya kupiga picha za harusi.

Filamu aliiita Mlango Usiofungwa. Ni habari ya mama ambaye binti yake mkubwa ameondoka, na kila jioni anasahau makusudi kutia komeo. Mimi ni binti mdogo. Aristides aliitunga baada ya kunisikiliza siku moja kwenye mgahawa wa mama Deodata hapa Nyakanazi, ninapopika chapati. Nilikuwa nimemweleza kwa sababu aliuliza. Watu hawaniulizi sana, nami sisemi sana.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu Irambona alipanda basi hapahapa njia panda miaka sita iliyopita. Alisema anakwenda kutafuta kazi, atapiga simu. Alipiga mara moja, kwa simu ya kuazima. Kisha simu yetu ikatumbukia kisimani, laini ikafa, na sisi hatukuwa na namba yake. Mama alikaa mwaka mzima bila kutia komeo. Mwaka wa pili, mvua za masika, akafa. Nyumba ya Nyakisasa niliifunga kwa kufuli nikaja kufanya kazi kwa Deodata. Dada hajui kwamba mama hayupo. Akipiga ile namba ya zamani anaambiwa haipatikani, na akirudi nyumbani atakuta kufuli.

Kwa hiyo Aristides aliponiambia kwamba filamu ataiingiza kwenye Tuzo za Kurunzi, sikusikia mengine yote isipokuwa moja.

"Itakayoshinda Filamu Bora," alisema, "inaoneshwa yote kwenye televisheni, nchi nzima. Halafu wenye mabasi wanaichukua, wenye gesti wanaichukua. Mwaka mzima watu wanaiona tu."

"Na wale wasioshinda?"

"Wasioshinda wanarudi kupiga picha za harusi."

Nikafikiri: popote dada alipo, hapakosi televisheni wala basi.

*

Kwanza ilibidi filamu ioneshwe kwa watu wanaolipa kiingilio, siku saba mfululizo, ndipo ikubalike. Miji mikubwa ina majumba ya sinema. Sisi tulikuwa na banda la video la Wiston, lenye mabenchi na turubai nyeusi, ambalo siku zote huonesha mpira na filamu za ngumi. Wiston alikubali, akakata tiketi kwenye daftari la shule, na Aristides akapiga picha vishina vyote vya tiketi kuwa ushahidi. Siku ya kwanza walikuja watu kumi na wanne. Siku ya saba walikaa hadi nje, maana wanawake walikuwa wameambiana. Mama mmoja wa Nemba alitoka analia akanishika mkono. Mimi nilikuwa mlangoni nikiuza karanga, uso chini.

Filamu zilizokubaliwa zilikuwa kumi na mbili. Aristides alinieleza mambo ya kura tukiwa tumekaa kwenye makreti ya soda nyuma ya jiko.

"Kuna wanachama," alisema. "Watu wa filamu: waongozaji, waigizaji, wapiga picha, watu wa sauti. Kama mia moja hivi. Wao wanachagua filamu tatu za kuingia fainali. Ya nne wanaichagua wananchi kwa meseji."

"Wanachama wataiona ya kwetu?"

Akacheka bila furaha. "Nimewatumia linki. Kila mmoja na neno lake la siri. Na ukurasa unanionesha nani kaifungua." Akageuza simu nione. "Ishirini na sita wamefungua. Waliofika mwisho ni kumi na mmoja."

"Na wengine?"

"Wengine wamealikwa." Kampuni mbili za Dar es Salaam zilikuwa na filamu zao. Moja iliitwa Harusi ya Jumatatu, nyingine Kamanda Shoka. Walikodi ukumbi wenye viti vya kuegemea, wakawaonesha wanachama filamu, kisha chakula, kisha waigizaji wakapita meza kwa meza kusalimia. Mabango yao yalikuwa barabarani. Waigizaji wao walikuwa redioni kila asubuhi. "Si kwamba wananunua kura," Aristides alisema. "Hakuna anayemwambia mtu nipe kura. Wananunua muda wake tu. Mtu ana filamu kumi na mbili za kuangalia na ana wiki tatu na ana kazi zake. Ataangalia ipi? Ile iliyomfuata."

Ikawa hivyo. Wanachama walichagua Harusi ya Jumatatu, Kamanda Shoka, na ya tatu Mwalimu wa Zamu, filamu ya mzee mmoja ambaye nusu ya wanachama walikuwa wanafunzi wake. Sisi tulibaki katika zile tisa, tukisubiri wananchi.

*

Kura za wananchi zilikuwa za wiki mbili. Kila jioni kabla ya habari televisheni ilionesha kipande cha nusu dakika cha kila filamu, na chini yake neno la kuandika na namba ya kutuma. Neno letu lilikuwa MLANGO. Simu moja, kura moja kwa siku.

Kipande chetu walichochagua kilikuwa kile changu. Niko kwenye mkeka, mwanga wa kibatari, natazama juu, nasema maneno yangu matatu. Mara ya kwanza kilipotokea, mgahawa mzima ulipiga kelele. Mimi niliingia jikoni nikakaa nyuma ya gunia la mkaa mpaka habari zikaisha.

Kila mtu alisema amepiga kura. Nyakisasa walipiga, Nemba walipiga, makondakta walipiga. Jumapili wakatangaza msimamo wa wiki ya kwanza, na sisi tulikuwa wa mwisho. Tulikuwa na kura thelathini na nane.

"Wizi!" mama Deodata alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Mimi peke yangu nimepiga mara sita!"

"Mama, naomba simu yako," nilisema.

Alinipa. Meseji zake zilikuwa pale, sita, zimepangana vizuri: MRANGO. MRANGO. MRANGO. Na chini ya kila moja jibu lilelile: Neno hili halitambuliki.

"Hawa si walikuwa wanakujibu?"

"Nilidhani wananishukuru."

Nilikwenda kwa Wiston. Yeye alikuwa ameandika MURANGO. Mpiga debe wa mabasi ya Ngara alikuwa na MULANGO, kidogo tu abahatishe. Muuza vocha aliandika MRANGO USIOFUNGWA, yote, kwa heshima.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na nakumbuka fimbo nyingi za mwalimu wa Kiswahili kwa ajili ya herufi hizo mbili. Sijazipata kwa ulimi hata leo. Lakini kwa macho nazijua, kwa sababu ya zile fimbo.

"Ni L," nilimwambia Wiston.

"Ndiyo nilivyoandika. Eri."

"Hiyo ni R. Hii nyingine. L, kama ya lori."

"Ndiyo. Rori."

"Lori."

"Si ndiyo nasema? Rori!" Watu wakacheka. Wiston akaniambia, "Na wewe mwenyewe umesema rori."

Inawezekana. Nikajua kwamba kwa mdomo hatutafika. Nilichukua boksi la biskuti, nikalikata, nikaandika kwa mkaa herufi sita kubwa, kila moja kama kiganja. Kisha nikasimama pale mabasi yanaposimama, mimi ambaye hata kuuza chapati nilikuwa nanyoosha mkono bila kusema bei.

Siku ya kwanza nilishika boksi tu. Watu walidhani ni jina la basi. Siku ya pili mama Deodata alinisukuma mgongoni akasema, "Sema, mwanangu, au nisimame mimi niharibu." Nikasema. Nilisema taratibu, kwa mtu mmoja mmoja, dirisha kwa dirisha: usiitamke, iangalie tu. Herufi ya pili ni kama mama aliyekaa chini akanyoosha miguu. Mgongo umesimama, miguu iko mbele. Chora huyo mama, mengine yatakuja.

"We si yule binti wa kwenye televisheni?" dereva mmoja wa lori la kwenda Rusumo aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbona unaongea? Kule ulikuwa bubu."

"Nalipwa kwa neno," nilisema, na mimi mwenyewe nikashangaa nimelitoa wapi. Akacheka hadi akapiga honi, akaandika MLANGO.

Njia panda ya Nyakanazi ina uzuri huo: ukisema jambo asubuhi, jioni limefika Kigoma, Kahama na Bukoba. Boksi langu lilipigwa picha, likatembea kwenye simu za watu. Siku sita mfululizo nilisimama. Nilikuwa natazama kila mwanamke anayeshuka, kama ninavyofanya siku zote. Siku ya mwisho ya kura msimamo ulitangazwa tena. Filamu ya nne katika fainali: Mlango Usiofungwa.

Watu walinibeba. Kweli, walininyanyua juu wakanizungusha kituo kizima. Na huko juu, nikiona vichwa vya watu wote, nilihisi upweke ambao sikuwahi kuhisi nyuma ya gunia la mkaa. Nilikuwa naonekana na kila mtu, na yeye hakuwemo.

*

Fainali ilikuwa ya wanachama peke yao. Aristides alikuja tena, tukakaa kwenye makreti.

"Sasa sikiliza, hii kura si kama ya diwani," alisema. Akachukua maharage kwenye sinia nililokuwa nachambua. "Kila mwanachama hachagui filamu moja. Anazipanga zote nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wanahesabu za kwanza. Kama kuna iliyozidi nusu, imeshinda. Kama hakuna, ile yenye za kwanza chache kuliko zote inatolewa. Karatasi zake hazitupwi. Kila moja inahamia kwa filamu iliyoandikwa ya pili kwenye karatasi hiyo. Wanahesabu upya. Wanatoa nyingine. Mpaka moja ipite nusu."

"Na lazima wawe wameziona zote?"

"Wanaweka alama kwenye kisanduku kwamba wameziona. Hakuna anayekwenda kukagua macho yao."

Waandaaji walitoa nafasi kwa kila filamu kutuma video ya dakika moja kwa wanachama wote. Wale wa Harusi ya Jumatatu walipeleka bendi. Wale wa Kamanda Shoka walikuwa wajanja zaidi, ingawa hilo tulilielewa baadaye. Aristides alisema sisi hatuna bendi, tuna mimi. Akanisimamisha mbele ya jiko, akaniambia, "Waombe tu. Sema kutoka moyoni."

Nilisalimia, nikawapa shikamoo wote kwa pamoja. Nikasema jina langu na ninapotoka. Nikasema filamu hii ni ya watu wanaosubiri. Kisha nikasema: "Najua zipo filamu kubwa kuliko ya kwetu. Hatuombi makubwa. Mkiona inafaa, mtuweke hata nafasi ya pili."

Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Ndivyo tulivyolelewa. Kwenye sherehe hukai kiti cha mbele, unakaa nyuma na mwenye shughuli anakuja kukushika mkono akupeleke mbele. Ukipewa nyama hunyooshi mkono kwenye pande kubwa. Mama alikuwa anasema anayejipakulia huonekana njaa yake. Niliamini kwamba ukiomba cha pili, mwenye moyo mzuri atakupa cha kwanza.

Aristides naye ni mtu wa huku. Alisikiliza akasema, "Safi sana. Umewamaliza." Akaituma.

Na kweli ilipendwa. Walimwandikia ujumbe, watu wakubwa, hata wengine waliokuwa hawajaifungua linki wakaifungua. Hesabu ilipanda hadi themanini na mbili. "Yule binti wa jikoni ametugusa," waliandika. Siku hizo nilikuwa na furaha. Nilianza kufikiri nitamwambiaje dada kuhusu mama, kama nitaanza na mvua au nitaanza na ugonjwa.

*

Jioni ya tuzo mgahawa ulijaa. Mama Deodata alipika pilau ambayo hakuitangazia bei. Aristides alikuwa Dar es Salaam, amevaa suti ya kuazima, tukamwona mara moja kamera ilipopita, tukapiga kelele.

Mwaka ule waliamua kuonesha hesabu kwenye skrini, hatua kwa hatua, ili watu wasiseme kuna wizi. Wanachama tisini walikuwa wamepiga kura. Ili kushinda ulihitaji arobaini na sita.

Nafasi za kwanza: Harusi ya Jumatatu thelathini na saba. Kamanda Shoka thelathini na tatu. Mwalimu wa Zamu kumi na tatu. Mlango Usiofungwa saba.

Jina letu likageuka kijivu, likashuka chini likapotea. Ilichukua muda wa kumeza mate.

"Ndiyo imekwishaje?" mama Deodata aliuliza. "Hata hawajaanza!"

Wakaendelea. Zile karatasi zetu saba zilihama: nne kwa Mwalimu wa Zamu, mbili kwa Kamanda, moja kwa Harusi. Bado hakuna aliyefika. Mwalimu akatolewa, na karatasi zake kumi na saba zikagawanyika, kumi na mbili kwa Kamanda, tano kwa Harusi. Kamanda Shoka arobaini na saba. Harusi ya Jumatatu, iliyoongoza tangu mwanzo, arobaini na tatu. Watu wa Kamanda wakaruka juu ya viti.

Wiston alizima sauti. Watu wakala pilau kama wako msibani, kisha mmoja mmoja wakaaga, kila mmoja akinigusa bega. Niliosha vyombo vyote. Nilikuwa nataka viwe vingi zaidi.

*

Aristides alirudi baada ya siku nne, suti mkononi. Aliomba chai akaacha ipoe.

"Wametoa takwimu zote," alisema. "Unajua wangapi walituweka nafasi ya pili?"

Nikatikisa kichwa.

"Hamsini na wanane."

Sikuelewa, nikafurahi kidogo.

"Hamsini na wanane kati ya tisini, Nimpaye. Hakuna filamu iliyopata za pili nyingi hivyo tangu tuzo zianze. Hakuna hata mmoja aliyetuweka ya nne. Ukiishindanisha na yoyote kati ya zile, moja kwa moja, sisi tunashinda." Alichukua punje ya mchele iliyobaki mezani akaisogeza kwa kidole. "Lakini za pili hazihesabiwi mpaka ya kwanza ya karatasi ile itolewe. Na sisi tulitolewa kabla ya wengine wote. Karatasi za Mwalimu zilipofunguka, jina letu halikuwepo tena la kupokea, na za wale wawili wa juu hazikufunguka kabisa."

"Kwa hiyo nilipowaambia..."

Alisogeza kikombe kando. Alitazama barabara.

"Wale wa Kamanda," alisema baadaye, "nimekaa na mmoja wao mezani. Walikuwa wanawaambia wanachama: tupeni ya kwanza. Na kama umeshampa mwingine, sisi tusiwe wa mwisho. Yaani kwanza unapata za kwanza za kukubakisha hai, halafu ndipo za pili zina kazi. Harusi walipiga kelele sana hadi nusu ya watu wakawachoka, wakawaweka chini kabisa. Sisi tulipendwa na wote." Akalaza suti magotini. "Mmoja ameniambia alitaka kutuweka ya kwanza. Akasema, lakini binti mwenyewe aliomba ya pili. Nikaheshimu."

Nilirudi jikoni kukanda unga. Kosa la herufi nililirekebisha kwa mkaa na boksi. Hili lingine sikuwa hata najua ni kosa. Lilikuwa adabu.

Nilifikiri juu ya televisheni za nchi nzima zikionesha Kamanda akivunja milango kwa shoka.

*

Kabla ya kuondoka Aristides aliacha bahasha kubwa mezani. "Hizi nazo zilikuja. Nililalamika kuhusu kura zetu zilizoharibika, wakanitumia orodha nzima ya meseji walizozikataa. Nilichapisha nikitaka kukata rufaa. Haina maana tena. Fungieni chapati."

Mama Deodata hakatai karatasi. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshazikata robo robo na kuzichomeka kwenye msumari ukutani. Zilikuwa safu ndogondogo: tarehe, saa, namba ya simu, neno lililotumwa. Namba hazikuwa kamili. Zilikuwa na tarakimu nne za mwanzo na tatu za mwisho, katikati nyota tatu, ili mtu asijulikane. Nilifunga chapati nikisoma, kwa sababu napenda kusoma kitu chochote chenye mistari mifupi. MRANGO. MRANGO. MURANGO. MLAGO. MRANGO. Ilikuwa kama kusikia watu wa kwetu wote wakigonga.

Kondakta alikuwa amesimama ananyoosha mkono, basi linaunguruma, nami nilikuwa nimeshaweka chapati mbili juu ya karatasi. Kati ya mafuta nikaona mstari mmoja:

MURYANGO KANYONI

Hakuna anayeniita Kanyoni. Ni kandege kadogo, kwa lugha yetu. Mama hakuniita hivyo. Aliyeniita hivyo ni mmoja, kwa sababu nilikuwa nakula nikidonoa.

"Dada, chapati!" kondakta alisema.

Nilimpa chapati mkononi, bila karatasi. Alinitukana, sijui alisema nini.

Meseji ilitumwa siku ya tatu ya kura, dakika mbili baada ya kipande chetu kuoneshwa. Alikuwa ameniona. Alikuwa amesikia vile nilivyosema, akaandika vilevile. Na mashine ikamjibu: Neno hili halitambuliki. Siku zilizofuata nilitafuta kwenye karatasi zote za msumari na kwenye zile zilizotupwa nyuma ya jiko. Hakuandika tena. Labda alifikiri jibu lile limetoka kwangu.

Aristides aliwapigia waandaaji. Walimwambia kwa upole kwamba namba za watu ni siri, na wao wenyewe walishafuta zile za katikati kura zilipofungwa. Ndiyo sheria yao, na labda ni nzuri.

Nyota tatu. Nilikaa na kijiti nikachora chini, maana hesabu niliziacha darasa la tano. Tarakimu tatu, kuanzia sufuri sufuri sufuri hadi tisa tisa tisa. Ni namba elfu moja. Moja kati ya hizo ni yake.

Nimeanza. Napiga baada ya chakula cha mchana, wateja wanapopungua, nimekaa kwenye kreti nyuma ya jiko. Nyingi hazipo. Nyingine wanapokea wanaume, au watoto wanaokimbia kumpa mama yao simu. Mwanzoni nilikuwa nasema samahani, kama hutajali, naomba kuuliza. Wanakata. Siku hizi siombi hivyo. Mtu akipokea tu nasema neno moja, lile la kwanza la meseji yake, kwa sauti, kama tunavyolisema kwetu.

"Muryango?"

Halafu nangoja. Leo nimefika mia mbili kumi na saba.